Jina Moja, Miti Miwili: Namna ya Kulinganisha Majina ya Mimea na Wanyama Katika Tafsiri

Katika mazungumzo haya twataka kueleza kazi moja ambayo kila mfasiri wa vitabu vya kilimo, vya utabibu na vya elimu ya viumbe hukutana nayo, nayo ni kuhakikisha kwamba mti utajwao katika kitabu cha Kiingereza ndio ule ule utakaofahamiwa na msomaji wa Kiswahili. Hatutapita katika mimea yote wala wanyama wote, maana mazungumzo hayatoshi. Tutashika mti mmoja, mwarobaini, tuufuate mpaka mwisho. Kisha tutamtazama samaki mmoja, dagaa, kwa kuwa tabu yake ni ya namna nyingine kabisa.

Mwarobaini haukuzaliwa katika nchi zetu. Asili yake ni Bara Hindi na Bama, ukaletwa Afrika ya Mashariki ukaenea, hata leo wapatikana pwani yote na mahali pengi pa bara penye joto. Waswahili waliupa jina kwa kazi yake: watu husema kwamba watibu maradhi arobaini. Pwani ya Kenya wengine huuita mkilifi. Majani yake ni machungu sana, mafuta ya mbegu zake yana harufu kali, na maji yaliyorowekwa mbegu zake hunyunyizwa juu ya mimea ili kuzuia wadudu.

Sasa uko mti wa pili, ndugu yake, wa jamaa moja naye. Nao pia ni wa kigeni, nao pia ulipandwa kwa ajili ya kivuli na uzuri kando ya njia na katika nyua za shule. Kwa mbali yafanana: majani yake yamegawanyika, matunda yake ni madogo ya manjano, nao ni mchungu. Watu walipouona walifanya kama wafanyavyo watu po pote, wakaupa jina la yule waliyemjua. Katika sehemu za Kenya huutofautisha kwa kusema mwarobaini nusu, na ule wa kwanza huuita mwarobaini kamili. Lakini si kila mtu asemaye hivyo. Wengi husema mwarobaini tu, wala hawaongezi neno.

Tofauti ya miti hii si ya wataalamu peke yao. Nyama ya tunda la mwarobaini ulio kamili ni tamu kidogo, ndege huipenda, na watoto huifyonza bila madhara makubwa. Matunda ya ndugu yake yana sumu iitwayo meliatoksini. Nguruwe wameyala wakafa. Na watu walioyala, hasa watoto, wamepata kutapika, kuharisha, kutetemeka na kushindwa kuvuta pumzi. Basi fikirini kijitabu cha Kiingereza kisemacho kwamba watoto waweza kufyonza nyama ya tunda, kikafasiriwa kwa neno mwarobaini peke yake, kikafika katika kijiji ambacho watu wake wauita kwa jina hilo ule mti wa pili. Kila neno la tafsiri hiyo ni sahihi, nayo yaweza kuua.

Mtu atasema, kwa nini mfasiri asitazame jina la Kiingereza? Kwa sababu Kiingereza nacho kimechanganyikiwa. Jina la kawaida la mwarobaini ulio kamili katika Kiingereza ni nimu, neno lililotoka katika lugha za Kihindi, nalo ni jina zuri, halina utata. Lakini mwandishi hupenda kubadili maneno yake ili asirudie, na hapo huweza kuandika jina lingine ambalo maana yake ni lailaki ya Uhindi. Lailaki ni kichaka cha Ulaya chenye maua ya zambarau, wala si wa jamaa ya miti hii hata kidogo. Ni kufananisha tu. Mti wa pili nao huitwa lailaki ya Uajemi, na mara nyingine mti wa shanga, na mara nyingine fahari ya Uhindi. Na ubaya ni huu, kwamba wako waandishi waliouita mti huo wa pili pia lailaki ya Uhindi. Kwa hiyo mfasiri akutanaye na jina hilo, bila neno lingine, hana njia ya kujua ni mti upi. Kamusi haitamsaidia, maana kamusi itampa jibu moja, na jibu moja ndilo la hatari.

Basi twaendea jina la kitaalamu. Jina hili lina maneno mawili. La kwanza ni la ukoo na huanza kwa herufi kubwa; la pili ni la mti wenyewe na huanza kwa herufi ndogo; na nyuma yake huwekwa ufupisho wa jina la mtaalamu aliyelitoa. Mwarobaini ulio kamili ni Azadirachta indica. Mwarobaini nusu ni Melia azedarach. Ukiyatazama majina haya mawili waona mara moja kwamba ni miti miwili, tena ya koo mbili. Hapa wafasiri wengi hupumua, wakadhani kazi imekwisha.

Haikwisha, kwa sababu jina la kitaalamu nalo lina historia. Mnamo 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alipoitoa orodha yake kubwa ya mimea, aliiweka miti hii yote miwili katika ukoo mmoja wa Melia. Mmoja aliuita Melia azedarach na wa pili akauita Melia azadirachta. Tazameni vema herufi zake. Majina yote mawili yametokana na maneno yale yale ya Kiajemi, azad na dirakht, yaani mti huru. Baadaye, katika karne ya 19, mtaalamu wa Ufaransa, Adrien de Jussieu, aliona kwamba mwarobaini wetu haufai kukaa katika ukoo ule, akaufanyia ukoo wake peke yake, akauita Azadirachta indica. Lakini vitabu vilivyotangulia havikufutika, na waandishi waliokuja nyuma waliendelea kuvinakili. Kwa hiyo katika maandishi ya zamani ya Uhindi juu ya dawa, mwarobaini huonekana kwa jina la Melia azadirachta, na hata kwa jina la Melia indica. Na mchapaji akikosea herufi mbili au tatu, mti wa dawa wageuka kuwa mti wa sumu.

Kutokana na hayo twaweka kanuni mbili mbele ya mfasiri. Kwanza, asifupishe neno la ukoo kwa herufi moja anaposhughulika na miti hii. Ni desturi ya wataalamu kuandika M. badala ya Melia wanapolirudia jina, nayo ni desturi njema mahali pengine, lakini hapa huiondoa alama pekee inayoonekana upesi kwa macho. Pili, akiona jina la zamani asiliandike tu kama lilivyo, wala asilibadili kwa kubahatisha. Alitafute katika orodha ya majina iliyotengenezwa na mabingwa. Siku hizi Bustani ya Kew ya Uingereza huweka orodha ya mimea ya dunia nzima katika mtandao, Plants of the World Online, wala haitozwi fedha. Ukiandika humo jina la zamani, waonyeshwa jina likubaliwalo sasa. Asomaye Melia azadirachta, herufi kwa herufi, hupelekwa penye Azadirachta indica. Asomaye Melia azedarach hubaki papo hapo. Ufupisho wa jina la mtaalamu unaofuata nyuma nao usaidie: A.Juss. ni Jussieu, na L. ni Linnaeus. Ukiona L. nyuma ya jina la mwarobaini ulio kamili, ujue unasoma jina la zamani au kosa la kuandika.

Mpaka hapa tumelinganisha Kiingereza na jina la kitaalamu. Imebaki nusu ngumu zaidi, nayo ni kulinganisha jina la kitaalamu na jina la wenyeji.

Kwa mimea ya Afrika ya Mashariki kuna kazi ya kale yenye heshima, ya P. J. Greenway wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, iliyolinganisha majina ya Kiswahili, ya kitaalamu na ya Kiingereza. Ilitoka mara ya kwanza 1937, ikatoka tena 1940. Twaipenda na twaitumia. Lakini anayeitumia lazima akumbuke mambo mawili. Majina mengi ya kitaalamu yamebadilika tangu wakati ule, kwa hiyo kila jina linalotolewa humo lazima lipimwe tena katika orodha ya sasa. Na jina la Kiswahili lililoandikwa humo lilisikiwa mahali fulani kwa mtu fulani. Haimaanishi kwamba hilo ndilo jina la Lamu, na la Tabora, na la Kisangani.

Kwa hiyo hapana budi kwenda kwa watu. Na hapa ndipo twaona uharibifu mwingi, kwa sababu ya namna ya kuuliza. Mfasiri humwendea mzee akamwuliza, “Je, mti huu Azadirachta mwauitaje?” Mzee hajui neno hilo. Au humwuliza, “Hapa kwenu kuna mwarobaini?” Mzee, kwa adabu yake, ajibu kwamba upo, na kweli upo mti wauitao hivyo. Mfasiri arudi nyumbani ameridhika, wala hajui ni mti upi alioambiwa.

Njia iliyo sawa ni kuuliza mara mbili, kwa kwenda na kwa kurudi. Mara ya kwanza chukua tawi mkononi, lenye majani na, ikiwezekana, maua na matunda, ukamwulize mtu jina lake bila kumtajia jina lo lote. Mara ya pili mwendee mtu mwingine asiyesikia mazungumzo ya kwanza, umtajie jina lile, umwombe akupeleke penye mti wenyewe. Akikupeleka penye mti ule ule, jina limeshika. Akikupeleka penye mti mwingine, usiseme kwamba amekosa. Umegundua ya kwamba jina hilo lina miti miwili, na hiyo ndiyo habari uliyokuwa ukiitafuta.

Katika chuo chetu cha ualimu tuliwahi kuwapa wanafunzi kazi hii wakati wa likizo, kila mmoja nyumbani kwao. Walirudi na matawi yaliyokaushwa na majina yake. Kwa mti mmoja wa Melia azedarach uliokuwa katika matawi hayo tulipata jina la mwarobaini kwa mmoja, la mwarobaini nusu kwa mwingine, na mwanafunzi wa tatu aliandika mti wa kivuli cha shule. Tulilicheka jina hilo la tatu kidogo, lakini lilikuwa na faida, maana halikumdanganya mtu ye yote.

Basi mtu ajuaje, penye mti wenyewe, ni upi kati ya miwili? Hahitaji darubini. Atazame jani. Lakini kwanza ajue jani ni lipi, kwa kuwa katika miti hii lile ambalo watu hulidhani kuwa jani ni kipande tu cha jani. Jani zima huanza pale linaposhikana na tawi, na penye kwapa hilo pana kichipukizi kidogo. Kati ya vijani hakuna kichipukizi. Akiisha kulipata jani zima, alitazame uti wake wa kati. Katika mwarobaini ulio kamili, vijani vimejipanga kushoto na kulia juu ya uti huo mmoja, kama manyoya ya ndege juu ya unyoya wake. Kila kijani kimepinda kama mundu mdogo na kina meno pembeni. Katika Melia azedarach uti wa kati hutoa kwanza vijiti vingine, kushoto na kulia, na vijani vimejipanga juu ya vijiti hivyo. Jani la kwanza limegawanyika mara moja. La pili limegawanyika mara mbili, na pengine mara tatu. Mtoto wa darasa la nne akionyeshwa mara moja hasahau.

Maua nayo yasema wazi. Ya mwarobaini ulio kamili ni meupe, madogo, yenye harufu ya asali. Ya ndugu yake yana rangi ya zambarau hafifu, na katikati pana kijineli cha zambarau nzito. Na tunda: la kwanza ni refu kidogo kama zaituni, lenye kokwa laini yenye mbegu moja, mara chache mbili. La pili ni la mviringo, hubaki likining'inia juu ya mti hata baada ya majani kupukutika, na kokwa yake ni ngumu, ina migongo kama ya tikiti na vyumba kadhaa vya mbegu, na katikati yake pana tundu la asili. Kwa ajili ya tundu hilo watu walizitunga kokwa hizo kuwa shanga na tasbihi, ndipo ukaitwa mti wa shanga.

Alama hizi zamfaa mfasiri hata akiwa mezani kwake, mbali na mti wo wote. Akiwa anafasiri habari za nimu, kisha akakuta katika ukurasa wa tano kwamba mti huo una maua ya zambarau, au kwamba kokwa yake ina mbegu tano, asimame hapo. Ama mwandishi wa kwanza amechanganya vitabu viwili, ama jina lililoko juu ya ukurasa si sawa. Mfasiri hana ruhusa kuyasahihisha maua yawe meupe kimya kimya. Amwandikie mwandishi amwulize. Kufasiri upesi upesi mahali kama hapo ni kulifunika kosa kwa Kiswahili kizuri, na kosa lililofunikwa hivyo ni gumu kulipata tena.

Sasa tufanye kazi moja kwa mfano. Karatasi ya Kiingereza yawafundisha wakulima kutengeneza maji ya kunyunyizia mboga. Yasema: vunja mbegu za nimu utoe viini, vitwange, pima gramu 500 za unga huo, roweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha nyunyiza jioni, kwa kuwa jua kali huharibu nguvu ya dawa. Jina la kitaalamu halikuandikwa. Mfasiri afanye nini? Aulize kwanza ili apate jina la kitaalamu. Akiambiwa ni Azadirachta indica, aandike hivi: “Mbegu zitakazotumiwa ni za mwarobaini ulio kamili, uitwao pengine mkilifi, na jina lake la kitaalamu ni Azadirachta indica. Ndio mti ambao jani lake limegawanyika mara moja tu, na maua yake ni meupe. Usitumie ule uitwao mwarobaini nusu, wenye maua ya zambarau.” Baada ya sentensi hizo, katika karatasi yote inayobaki, aandike mwarobaini tu. Msomaji hachoki, na hakuna mahali pa kuchanganyikiwa.

Wengine watasema kwamba ndugu yake nao huua wadudu, basi pana hasara gani? Ni kweli kwamba nao una nguvu juu ya wadudu. Lakini kile kiini cha mwarobaini kifanyacho kazi hiyo huitwa azadirakhtini, na kipimo cha gramu 500 kwa lita 10 kilijaribiwa kwa mbegu zenye kiini hicho. Viini vya mti wa pili ni vingine, wala kipimo cha mmoja si kipimo cha mwingine. Tena anayezitwanga mbegu hizo, na chombo anachotwangia, na kuku wanaodonoa makapi, wote wako karibu na sumu ambayo karatasi haikuitaja. Na hata mwarobaini ulio kamili usidhaniwe kuwa hauna madhara: mafuta yake yamewadhuru watoto wachanga walionyweshwa. Jina sahihi halimfanyi mti kuwa salama. Humwezesha msomaji kupata onyo linalouhusu mti huo, si onyo la mti mwingine.

Na kuna neno moja la hadhari kwa wafasiri wa Kenya. Huko wakulima wa nchi kavu hupanda mti wa mbao uitwao kwa Kikamba mukau, ambao kwa kitaalamu ni Melia volkensii. Ni mti wa Afrika hii hii, na mbao zake hupendwa sana. Wakulima wengi huuita melia tu. Kwa hiyo mfasiri anayedhani amejiepusha na utata kwa kuandika melia badala ya mwarobaini nusu, amehamia utata mwingine. Aandike mukau anapokusudia mukau.

Tugeuke sasa tumtazame dagaa, na hatutakaa naye kwa muda mrefu. Katika mwarobaini watu walilihamisha jina kwa kuwa miti yafanana. Katika dagaa hakuna aliyekosea kitu. Dagaa ni jina la samaki mdogo wa fedha, avuliwaye kwa wingi usiku kwa taa, akaanikwa juani. Na kila maji yana wake. Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, ambaye Wajaluo humwita omena na Waganda mukene. Dagaa wa Ziwa Tanganyika si mmoja, ni wawili: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, nao ni wa jamaa ya sadini wa baharini. Yule wa Victoria si wa jamaa hiyo hata kidogo. Na wa baharini kwenyewe ni wa namna nyingine nyingi.

Kiingereza hapa chazidisha tabu, kwa kuwa huyu wa Victoria, asiye sadini, huitwa mara nyingi sadini ya Ziwa Victoria. Mfasiri akiandika sadini, msomaji wa Mwanza ataona mkebe wa dukani mbele ya macho yake. Akiandika dagaa tu, katika kitabu kitakachosomwa Mwanza na Kigoma pia, atawapa watu wa Kigoma habari za samaki wasiyemjua: lini hutaga, wapi hukaa, tundu la wavu liwe la ukubwa gani. Dawa yake ni nyepesi: aandike dagaa wa Ziwa Victoria, na penye kutajwa mara ya kwanza aweke jina la kitaalamu. Jina la maji likikaa pamoja na jina la samaki, Kiswahili chatosha.

Lakini samaki nao huhamishwa. Karibu na 1959 Limnothrissa miodon alichukuliwa kutoka Tanganyika akatiwa katika Ziwa Kivu, baina ya Kongo na Rwanda, akazaa sana. Huko watu wamwita sambaza. Kwa hiyo kitabu kilichofasiriwa kwa ajili ya wavuvi wa Bukavu kisiseme dagaa wa Ziwa Tanganyika, ingawa samaki ni yule yule. Kiseme sambaza, na jina la kitaalamu litawaonyesha wasomaji wa pande zote mbili kwamba ni ndugu wa damu moja. Mwarobaini ulikuwa jina moja la miti miwili. Huyu ni samaki mmoja wa majina mawili, na anayekusanya majina lazima aandike yote mawili bila kuchagua lililo bora.

Tumalize kwa habari ya namna ya kuyaandika hayo yaliyokusanywa, maana jina lisilo na ushahidi halina faida kwa anayekuja nyuma. Kwa mmea, kata tawi linaloweza kutoshea ndani ya gazeti lililokunjwa, lenye majani mazima na maua au matunda. Litandaze kati ya magazeti, weka ubao na mawe juu, badili magazeti kila siku mpaka likauke. Katika karatasi ya pembeni andika tarehe, mahali, kimo cha mti, jina ulilopewa, lugha ya jina hilo, na kama jina lilipatikana kwa kuonyesha tawi au kwa kutaja jina. Andika pia rangi ya ua siku ile ile ulipolikata. Ua likikauka rangi hufifia, na kwa miti hii yetu miwili weupe na zambarau ndizo alama utakazozitaka baadaye. Mkusanyo mkubwa wa mimea iliyokaushwa ya Afrika ya Mashariki uko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa. Ulianzia Amani, ukahamishiwa huko 1950. Matawi yaliyokaushwa vema, yenye maandishi kamili, huweza kulinganishwa hapo na yale yaliyokwisha kutambuliwa. Tawi lisilo na mahali wala tarehe, hata likiwa zuri namna gani, mabingwa hulirudisha.